Kati ya "Ililipwa" na "Ingepokelewa": Upimaji wa Michai kwa Gharama ya Awali na kwa Thamani ya Haki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mjadala wa muda mrefu katika uhasibu: kati ya gharama ya awali na thamani ya haki, ni kipimo kipi kinachotoa picha ya kweli zaidi ya mali ya kampuni? Mfano unaochunguzwa ni mchai, mali ambayo katika mashamba makubwa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa njia zote mbili katika kipindi kisichozidi miaka kumi na mitano. Kwa kufuata hesabu za shamba la kubuni la hekta 100, makala yanaonyesha jinsi kila kipimo kinavyosema kweli fulani na kuficha nyingine. Yanadai kwamba mabadiliko yaliyoanza kutumika mwaka 2016 hayakuirudisha gharama ya awali kikamilifu kama inavyodhaniwa. Kwa mashamba ya zamani, yaliruhusu kadirio la thamani ligandishwe na kuendelea kuitwa gharama.

Utangulizi

Mchai uliopandwa leo huanza kuchumwa baada ya miaka mitatu hivi. Ukipogolewa kwa wakati na kutiwa mbolea ipasavyo, unaweza kuendelea kuchumwa kwa miaka hamsini na zaidi, kila baada ya siku saba hadi kumi na nne. Hauuziki peke yake. Aliyeununua na kuung'oa atakuwa amenunua kuni. Hata hivyo, kampuni inayomiliki mamilioni ya michai hulazimika kila mwisho wa mwaka kuandika katika mizania kiasi kimoja cha fedha mbele ya neno hilo, na kiasi hicho husomwa na benki, wanahisa, mamlaka ya kodi na yeyote anayefikiria kulinunua au kulikodi shamba.

Majibu mawili yamependekezwa. La kwanza ni kuandika kiasi kilichotumika kusafisha ardhi, kununua miche, kuipanda na kuitunza hadi ilipokomaa, kisha kukipunguza kidogo kidogo kila mwaka kadiri michai inavyozeeka. Hiyo ndiyo gharama ya awali. La pili ni kuandika kiasi ambacho michai hiyo ingeleta kama ingeuzwa siku hiyo ya mwisho wa mwaka, na kulipeleka badiliko lolote la kiasi hicho katika faida au hasara ya mwaka. Hiyo ndiyo thamani ya haki.

Sarufi ya Vipimo Viwili

Istilahi za Kiswahili katika eneo hili bado hazijatulia, na kuyumba kwake si jambo la wanaleksikografia peke yao. Baadhi ya maandishi husema "thamani ya haki", mengine "thamani halisi", na mengine "thamani ya soko". Anayesema "thamani halisi" amekwisha kuamua mjadala kabla haujaanza, kwa kuwa ameweka uhalisi upande mmoja. Kipimo cha pili kitabaki kuwa nini, kama si kivuli? Vilevile, "gharama ya kihistoria" humfanya msomaji afikirie makumbusho. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia "gharama ya awali" na "thamani ya haki", ingawa neno "haki" nalo lina uzito wa kisheria na kimaadili ambao wahasibu hawakuukusudia.

Tofauti ya kweli baina ya vipimo hivi inaonekana wazi zaidi katika kitenzi kuliko katika nomino. Gharama ya awali ni kiasi ambacho kililipwa. Thamani ya haki, kwa mujibu wa Kiwango cha Kimataifa cha Utoaji wa Taarifa za Fedha namba 13 kilichotolewa mwaka 2011, ni bei ambayo ingepokelewa kwa kuuza mali katika muamala wa kawaida, usio wa kulazimishwa, baina ya washiriki wa soko katika tarehe ya upimaji. Kiambishi -li- kinaripoti tukio lililopita, lenye hati ya malipo na shahidi. Kiambishi -nge- kinaripoti tukio ambalo halikutokea na ambalo, kwa upande wa mchai, huenda lisitokee kamwe. Hilo halimaanishi kwamba sentensi ya -nge- ni uongo. Mkulima anayesema "ningeuza shamba hili leo ningepata kadha" anaweza kuwa anasema jambo la kweli na la maana kuliko yule anayekumbuka baba yake alilipia nini. Lakini namna ya kuzithibitisha sentensi hizo mbili ni tofauti kabisa.

Wanadharia wa uhasibu waliliona hilo mapema. Yuji Ijiri aliitetea gharama ya awali kwa hoja ya uwajibikaji: aliyekabidhiwa fedha za wengine anapaswa kueleza alizitumia vipi, na maelezo hayo yajengwe juu ya miamala iliyotokea ili yasiwe rahisi kupindwa. Raymond Chambers, upande wa pili, alisisitiza kwamba anayefanya uamuzi leo anahitaji kujua mali yake ingempatia fedha kiasi gani leo, na kwamba kujumlisha shilingi za mwaka mmoja na za mwaka mwingine ni kujumlisha vitu visivyofanana. Inafaa kukumbuka kwamba Chambers alikuwa tayari kuifuata hoja yake hadi mwisho: mali ya kudumu isiyo na mnunuzi, alisema, ihesabiwe sifuri. Kwa mantiki hiyo mchai usiotenganishwa na udongo wake una thamani ya kuni tu. Viwango vya kimataifa havikuthubutu kufika huko.

Njia Iliyopitiwa na Mchai

Kamati ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu iliidhinisha Kiwango namba 41, kinachohusu kilimo, mwishoni mwa mwaka 2000. Kilianza kutumika kwa vipindi vya hesabu vilivyoanza tarehe 1 Januari 2003 au baada yake. Kenya, ambayo ilikuwa imeanza kufuata viwango vya kimataifa mwaka 1999, ilikipokea kama kilivyo. Kiwango hicho kiliagiza kwamba mimea na mifugo yote inayohusika na shughuli za kilimo ipimwe kwa thamani ya haki baada ya kutoa gharama za kuuza. Ng'ombe wa nyama, mti wa mbao na mchai viliwekwa katika kundi moja.

Sababu iliyotolewa ilikuwa na nguvu. Mali hai hubadilika yenyewe: hukua, huzaa, hudhoofika, hufa. Msitu wa misonobari wenye umri wa miaka ishirini, ukipimwa kwa gharama ya awali, utaonyesha fedha za miche na palizi, kisha faida yote itajitokeza katika mwaka mmoja wa kuvuna, kana kwamba miti ilikua usiku mmoja. Kwa msitu, thamani ya haki inasimulia ukweli wa ukuaji mwaka hadi mwaka, na mara nyingi kuna soko la magogo la kuulizia bei.

Mchai ni kiumbe wa namna nyingine. Baada ya kukomaa haukui kwa maana ya kibiashara. Mpogoaji huhakikisha hilo kila baada ya miaka michache. Kinachokua ni jani, na jani huuzwa. Mchai wenyewe unafanana na mashine ndani ya kiwanda zaidi kuliko unavyofanana na msonobari.

Shamba la Hekta 100

Ili kuona uzito wa tofauti hiyo, chukua shamba la kubuni la hekta 100. Michai yake ilipandwa miaka ishirini iliyopita kwa shilingi 300,000 kwa hekta, yaani shilingi milioni 30 kwa jumla, na inatarajiwa kudumu miaka hamsini. Kila mwaka shamba hutoa kilo milioni moja za majani mabichi. Kilo moja huuzwa kwa shilingi 30, na gharama za uchumaji, mbolea, usafirishaji na matumizi ya ardhi ni shilingi 22. Kila kilo inabakiza shilingi 8, na shamba zima linabakiza shilingi milioni 8 kwa mwaka.

Kwa gharama ya awali, uchakavu wa mwaka ni shilingi 600,000. Baada ya miaka ishirini michai imebaki na shilingi milioni 18 katika mizania, na faida ya mwaka, baada ya kutoa uchakavu, ni shilingi milioni 7.4.

Kwa thamani ya haki, mthamini hana soko la michai la kwenda kuulizia. Hukadiria fedha zitakazopatikana kwa miaka thelathini iliyobaki, kisha huzipunguza ili kupata thamani yake ya leo. Akichukua milioni 8 kila mwaka na kiwango cha kupunguzia cha asilimia 12, atapata shilingi milioni 64.4. Tofauti na milioni 18 ni kubwa mno kupuuzwa. Mshauri wa serikali anayeuza shamba la umma kwa kutegemea thamani ya vitabuni atakuwa ameacha zaidi ya shilingi milioni 46 mikononi mwa mnunuzi. Hapa mtetezi wa thamani ya haki anashinda bila jasho.

Sasa bei ya majani ipande mwezi Desemba kutoka shilingi 30 hadi 33. Ni badiliko la asilimia 10, jambo la kawaida katika zao linalotegemea mvua na mnada. Gharama hazikubadilika, hivyo kinachobaki kwa kila kilo kinapanda kutoka shilingi 8 hadi 11, ambalo ni ongezeko la asilimia 37.5. Mthamini akitumia bei hiyo mpya kwa miaka 29 iliyobaki, michai inafika shilingi milioni 88.2. Ongezeko la karibu milioni 24 linaingia katika faida ya mwaka, juu ya milioni 8 zilizopatikana kwa kuuza majani. Kampuni inatangaza faida ya karibu shilingi milioni 32, robo yake tu ikiwa fedha zilizopokelewa.

Mwaka unaofuata bei inabaki shilingi 33 hadi Desemba, ndipo inaporudi 30. Shamba limekusanya shilingi milioni 11, mwaka mzuri kuliko uliotangulia. Lakini michai, ikiwa na miaka 28 mbele yake, inashuka hadi milioni 63.9. Hasara ya zaidi ya milioni 24 inameza mapato yote, na kampuni inatangaza hasara ya karibu milioni 13. Wafanyakazi waliopewa nyongeza mwaka wa faida ya karatasi wanaambiwa mwaka wa fedha nyingi kwamba kampuni imepata hasara. Kwa gharama ya awali, miaka hiyo miwili ingesomeka milioni 7.4 na milioni 10.4, kama alivyoiona mtunza fedha.

Atasema mtetezi wa thamani ya haki kwamba mfano huu unamwonea mthamini. Hakuna mtaalamu makini atakayeichukua bei ya Desemba moja na kuinyoosha kwa miaka 29, atachukua wastani. Pingamizi hilo ni la haki, na ndilo linalofichua tatizo. Wastani wa miaka mitano, minne ikiwa ya shilingi 30 na mmoja wa 33, ni shilingi 30.60. Kwa wastani huo michai ingekuwa na thamani ya shilingi milioni 69 mwishoni mwa mwaka wa kwanza, si 88.2. Milioni 19 zimetoweka kwa kubadilisha idadi ya miaka ya kutafutia wastani. Vivyo hivyo kwa kiwango cha kupunguzia: thamani ya mwanzo ya milioni 64.4 ingekuwa 75.4 kwa asilimia 10, na 56 kwa asilimia 14. Chaguo zote hizo zinaweza kutetewa mbele ya mkaguzi wa hesabu, na anayechagua ni menejimenti ambayo marupurupu yake yanaweza kutegemea faida hiyohiyo.

Soko Lipo, Lakini la Nini?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini makadirio haya yote yahitajike ilhali Mombasa kuna mnada wa chai unaojulikana duniani, ambako chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na nchi nyingine huuzwa kwa dola kila wiki. Jibu ni kwamba mnada huo huuza chai iliyosindikwa. Kutoka bei ya mnada hadi thamani ya mchai kuna hatua nyingi: takriban kilo nne na nusu za majani mabichi huhitajika kupata kilo moja ya chai kavu, kuna gharama za kiwanda, kuni, ghala na udalali, kuna ubadilishaji wa dola kuwa shilingi, na mwisho kuna miaka thelathini ya kukisia. Kiwango namba 13 huzipanga data za upimaji katika ngazi tatu. Ya kwanza ni bei inayoonekana sokoni ya mali ileile, na ya tatu ni ile inayotegemea data zisizoonekana sokoni. Bei ya mnada ni bei ya kweli ya chai. Inapofika kwenye mchai imekwisha kuwa ngazi ya tatu.

Hata bei hiyo ya mnada si lazima itokane na wanunuzi na wauzaji peke yao. Mwaka 2021 nchini Kenya iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo. Bei ya chini ikiwekwa, chai isiyofikia bei hiyo hubaki ghalani. Mthamini anayeangalia orodha ya bei ataona zile zilizouzwa; asipouliza kiasi kilichobaki bila mnunuzi, atapima mchai kwa bei ambayo sehemu ya mazao yake haiwezi kuipata. Dalili ya kutafuta ni pengo kati ya kilo zilizopelekwa mnadani na kilo zilizouzwa, na pengo hilo halionekani katika wastani wa bei.

Kiwango namba 41 kilipendekeza njia nyingine: kama shamba zima lina soko, chukua bei ya shamba, toa thamani ya ardhi tupu, na kinachobaki ni mimea. Kimantiki inapendeza. Kivitendo inahitaji kujua bei ya ardhi tupu katika eneo ambalo ardhi tupu ya ukubwa huo haiuzwi. Tena, chini ya Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Miaka iliyobaki katika hati ya ukodishaji inakuwa sehemu ya thamani ya mchai bila mtu kuutaja. Kutoa kisichojulikana kutoka kwa kisichojulikana vizuri hakuleti kinachojulikana.

Kurudi kwa Gharama, na Gharama Iliyorudi

Malalamiko makubwa hayakutoka Afrika Mashariki. Malaysia, yenye mashamba makubwa ya michikichi, ndiyo iliyoongoza hoja kwamba mmea unaozaa kwa miaka mingi unafanana na mashine. Juni 2014 Bodi ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu ilikubali. Kuanzia tarehe 1 Januari 2016, mmea hai unaotumika kuzalisha mazao kwa zaidi ya kipindi kimoja, na ambao uwezekano wa wenyewe kuuzwa kama zao ni mdogo sana, uliondolewa katika Kiwango namba 41 na kuhamishiwa namba 16, pamoja na majengo na mitambo. Mchai, mbuni, mchikichi na mzabibu vikarudi kwenye gharama, ingawa kampuni bado inaweza kuchagua kuthaminisha upya kwa masharti ya kiwango hicho.

Mpaka uliochorwa una mambo ya kushangaza kidogo kwa anayetembelea shamba. Mashamba mengi ya chai yana vitalu vya mikaratusi kwa ajili ya kuni za kiwanda. Mkaratusi hukatwa, hivyo bado hupimwa kwa thamani ya haki. Mchai ulio hatua kumi kutoka hapo hupimwa kwa gharama. Na jani lililo juu ya mchai bado ni mali ya Kiwango namba 41. Kwa shamba la mfano, mzunguko wa uchumaji wa siku kumi una kilo 27,400 hivi. Siku ya kufunga hesabu nusu yake, kwa wastani, imekwisha kuota. Kilo 13,700, kila moja ikibakiza shilingi 18 baada ya kuchumwa na kusafirishwa, ni takriban shilingi 247,000. Mjadala uliokuwa wa milioni 64 umekuwa wa robo milioni.

Swali gumu zaidi lilihusu siku ya kuhama. Michai ya baadhi ya mashamba ni ya zamani kuliko kampuni zinazoimiliki, na vitabu vya upandaji wake vimepotea au viliandikwa kwa sarafu isiyokuwapo tena. Bodi ililitambua hilo, ikaruhusu kampuni ichukue thamani ya haki ya mimea mwanzoni mwa kipindi cha mapema zaidi kinachoonyeshwa katika hesabu, na kuifanya iwe gharama inayohesabika kuwa ndiyo ya awali. Kutoka hapo huanza kupunguzwa kwa uchakavu.

Ruhusa hii haipewi uzito unaostahili katika mijadala. Shamba la mfano, kama lingeitumia katika mwaka ambao bei ilikuwa shilingi 33, lingeingia katika mfumo wa gharama na shilingi milioni 88.2, na uchakavu wake ungekuwa takriban shilingi milioni 3 kwa mwaka kwa miaka 29. Kama lingehama mwaka mmoja baadaye, lingeingia na milioni 63.9 na uchakavu wa milioni 2.3. Kama lingekuwa na vitabu vyake na kuchagua kuvitumia, uchakavu ungebaki shilingi 600,000. Mashamba matatu yanayolingana kwa kila mche yangetangaza faida tofauti kwa kizazi kizima, na yote yangeandika neno "gharama". Sentensi ya -nge- imevishwa -li- na kuandikwa kama historia.

Wala gharama ya kweli haina kinga. Katika shamba la mfano, kupanda upya leo kungegharimu, tuseme, shilingi milioni 90. Mgawo wake kwa mwaka mmoja wa miaka hamsini ni shilingi milioni 1.8, wakati vitabu vinatoa 600,000 tu. Kampuni inayogawa faida yake yote ya milioni 7.4 kama gawio inagawa shilingi milioni 1.2 ambazo ni sehemu ya michai yenyewe. Hakuna mwaka ambao hilo litaonekana kuwa kosa. Litaonekana pale michai itakapochoka na fedha za kupanda upya zisiwepo, na waliopokea gawio wakiwa wamekwisha kuondoka. Mkaguzi anaweza kuliona mapema kwa kulinganisha umri wa wastani wa michai na hekta zinazopandwa upya kila mwaka: shamba la miaka hamsini linalopanda upya chini ya hekta mbili kwa kila mia linakula mtaji wake, hata hesabu zake ziwe safi namna gani.

Kilichopotea katika Maelezo

Chini ya utaratibu wa zamani, kampuni iliyotumia makadirio ya ngazi ya tatu ililazimika kueleza bei iliyoichukua, kiwango cha kupunguzia, na jinsi thamani ingebadilika kama mambo hayo yangebadilika. Wasomaji wengi walilalamikia tarakimu ya faida huku wakiyatumia maelezo hayo kutengeneza tarakimu zao wenyewe. Mwaka 2014 Bodi iliamua kutodai maelezo hayo kwa mimea izaayo inayopimwa kwa gharama. Kwa hiyo mabadiliko hayo yaliondoa kelele katika taarifa ya faida na, pamoja nazo, yakaondoa sehemu ya mwanga uliokuwa katika maelezo ya nyuma.

Hili linagusa moja kwa moja kazi ya washauri wa sera. Mwaka 2010 Bodi ilibadilisha pia neno moja katika mfumo wake wa dhana: "kutegemewa" kwa taarifa kuliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na "uwakilishi mwaminifu". Watetezi wa gharama waliliona badiliko hilo kama mlango uliofunguliwa kwa makadirio, kwa kuwa kadirio linaweza kuwa mwaminifu bila kuthibitishika. Mchai unaonyesha kwamba uaminifu hautokani na kipimo kilichochaguliwa peke yake. Milioni 18 ni uwakilishi mwaminifu wa fedha zilizotumika na ambazo bado hazijagawanywa kwenye miaka. Ni uwakilishi mbovu wa kile ambacho mnunuzi angelipa. Milioni 64.4 ni kinyume chake, na ni mwaminifu tu pale asilimia 12 na shilingi 30 zinapoandikwa kando yake.

Anayeshauri kuhusu kuuza, kukodisha au kukopesha kwa dhamana ya shamba la chai, basi, hapaswi kuianzisha kazi yake kwenye mstari wa mizania. Aombe orodha ya vitalu kwa mwaka wa kupandwa, mavuno ya kila kitalu kwa hekta kwa miaka mitano, hekta zilizopandwa upya, na miaka iliyobaki katika hati ya ardhi. Aulize pia swali moja ambalo jibu lake huwa katika hesabu za mwaka wa kuhama, mara nyingi katika tanbihi fupi: je, gharama iliyoandikwa ni iliyolipwa, au ni thamani iliyokadiriwa siku ya kuhama? Kama ni ya pili, atafute bei ya majani iliyotumika siku hiyo na kuilinganisha na ya leo. Orodha ya vitalu huwa kwa meneja wa shamba, si kwa mhasibu, na kwa kawaida hutunzwa vizuri, kwa sababu wachumaji hupangwa kwayo kila asubuhi.